Ndege imeuzwa kupita viti, wanaomba watu wa kubaki: ukubali kwa kiasi gani, na lini usikubali?

Mama Rehani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili jambo hili vizuri maana limenigharimu, na Julai nasafiri tena.

Desemba iliyopita nilikuwa Frankfurt nikirudi nyumbani kwa likizo ya wiki tatu. Tiketi yangu ilikuwa moja, Frankfurt hadi Dar kwa kuunganisha njiani. Ya Dar kwenda Mwanza nilikata peke yake, shirika jingine kabisa. Shirika lililonibeba kutoka Frankfurt sitalitaja. Nilifika getini mapema, bodingi pasi mkononi, kiti 34C. Zilipobaki kama dakika hamsini kabla ya kuruka, dada wa kaunta akatangaza kwamba tiketi zimeuzwa kupita viti. Wanatafuta abiria wanne wakubali kwenda kesho yake jioni, na kila mmoja atapewa vocha ya euro 250 na hoteli.

Nikainuka wa kwanza. Nilijisemea siku moja si kitu, na 250 ni pesa. Nikapewa karatasi ya kusaini, Kijerumani cha kisheria mstari hadi mstari, na nyuma yangu tayari kuna mtu anasubiri. Nikasaini.

Baada ya kama nusu saa nikaona dada yule yule anamfuata kijana aliyekuwa ameketi na kibegi chake mgongoni. Kijana akakubali kwa euro 600, tena za kuingizwa benki. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nimesikia kwa masikio yangu.

Hoteli niliahidiwa kwa mdomo. Saa nne usiku nikaenda kaunta niliyoelekezwa, aliyekuwa zamu akatafuta jina langu mara tatu hakuliona. Nikalala kwa pesa yangu, euro 94. Ndege ya Mwanza ikaniacha, tiketi hairudishwi, nikakata nyingine kwa kama euro 65. Vocha yenyewe ina muda wa mwaka mmoja, inatumika mara moja tu, na kwa jina langu peke yake.

Ninachouliza: nilidhulumiwa, au nilijidhulumu mwenyewe? Na mtu akiwa pale getini ana dakika tano za kuamua, apime kwa lipi?

Chifu wa Ilala

Pole sana mama. Jibu ni jepesi: usikubali kamwe. Kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Ukinyimwa kupanda ndege iliyojaa, na safari ni zaidi ya kilomita 3,500, unalipwa euro 600, na hoteli na chakula juu yao. Wewe ulipewa vocha ya 250. Kaa kitini, nyamaza, subiri wakulazimishe, halafu dai 600 zako. Na kanuni hii inakulinda hata ukitokea Dar kwenda Ulaya, kwa hiyo popote ulipo usiinuke.

Binti Saada

Mimi ndege yangu ilichelewa saa saba Dar mwezi wa tatu, tulipewa soda na keki tu. Hiyo 600 naidai wapi? Nina bodingi pasi bado.

Mtu wa Geti

Mama Rehani, pole na safari. Nimesimama geti la uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya miaka kumi na moja, upande ule wa kaunta unaouona wewe kama ukuta. Acha nieleze kilichokuwa kinaendelea pale, maana ukikielewa utajua pa kushika.

Kila ndege ina watu waliokata tiketi ambao hawatokei. Mmoja kaugua, mwingine mkutano umeahirishwa, mwingine ndege iliyokuwa inamleta imechelewa. Shirika lina rekodi za njia hiyo, siku hiyo ya wiki, msimu huo, na linakisia wangapi watakosekana. Chukua ndege yenye viti 287. Wakikisia watu kumi hawatatokea, wanaweza kuuza tiketi 294 na bado wakategemea viti vitatu kubaki wazi. Siku nyingi hesabu inakubali na hakuna anayejua. Siku moja wanakosekana watatu badala ya kumi, mnafika 291, na wanne hawana pa kukaa. Kuuza hivyo kunaruhusiwa, Ulaya na Marekani pia. Sheria inachoingilia ni namna ya kuwachagua wanaobaki na kile wanacholipwa.

Sasa kanuni ya 261 inasema hivi: kabla ya kumnyima mtu yeyote, shirika lianze kwa kuomba wa kujitolea, kwa malipo watakayokubaliana. Hayo ndiyo maneno muhimu, watakayokubaliana. Ile 250 ya vocha haikuandikwa popote. Ilikuwa bei ya kufungulia, kama mfanyabiashara anavyotaja bei sokoni, na wewe ukailipa bila kusema neno.

Chifu, takwimu zako za Ulaya ni sawa, ila hitimisho si sawa. Unamwambia akae asubiri kulazimishwa. Mtu mwenye 34C mkononi, aliyeripoti mapema, ni nadra sana kulazimishwa. Wanaobaki bila viti ni wale wa mwisho kuripoti, wenye nauli ya chini, wasio na kadi ya msafiri wa mara kwa mara. Utawajua kwa bodingi pasi zao: mahali pa namba ya kiti pameandikwa `SBY` au `GATE`, au pametupu, na mtu kaambiwa aonane na kaunta. Mama Rehani angekaa kimya kama unavyoshauri, angepanda tu na kufika Dar. Kwa hiyo kipimo chake pale hakikuwa 250 dhidi ya 600. Kilikuwa 250 na kuondoka kesho, dhidi ya sifuri na kuondoka leo.

Ila mwenye `SBY` yeye ushauri wa Chifu unamfaa. Huyo asikimbilie kusaini kujitolea kwa vocha ndogo, maana akinyimwa kupanda bila hiari yake stahili yake ni 600 za taslimu au za benki, na vocha hawezi kupewa mpaka asaini kwamba anaitaka. Zinaweza kupunguzwa nusu, 300, iwapo atafikishwa mwisho wa safari kwa kuchelewa kusikozidi saa nne.

Na kuhusu kutokea Dar: ukiondoka uwanja ulio nje ya Ulaya, kanuni inakushika tu kama shirika linalokubeba ni la Ulaya na unakwenda Ulaya. Ukiondoka Frankfurt, Brussels au Paris inakushika kwa shirika lolote, liwe la Ulaya, la Ghuba au la Afrika.

Chifu wa Ilala

Hiyo ya mashirika sikuijua, nashukuru kwa kunirekebisha. Nilidhani ukiwa na tiketi ya Ulaya basi umeshalindwa kote.

Mtu wa Geti

Binti Saada, ya kwako ni kuchelewa, hii ya hapa ni kujaa. Tuambie ulikuwa unakwenda wapi na shirika ni la nchi gani, bila jina. Kama haikuwa inaelekea Ulaya, hiyo 600 haikuhusu.

Binti Saada

Nilikuwa naenda Mbeya.

Mtu wa Geti

Basi hapo kanuni ya Ulaya haiingii kabisa. Fungua uzi wako, wapo wanaojua taratibu za ndani kuliko mimi.

Kakaa wa Bukavu

Mimi niko Brussels, lakini kisa ni cha mdogo wangu aliyekuja kunitembelea. Kinafaa hapa maana watu wanaangalia pesa wanasahau pasipoti.

Alikuja kwa viza ya Schengen. Siku alizopewa zilikuwa zinaisha siku ile ile ya kurudi, sisi tulikata tiketi hivyo ili akae nasi mpaka mwisho. Getini wakaomba watu wa kubaki, euro 500. Akanipigia simu anafurahi, nami nikafurahi, nikamwambia kubali, tutakula pamoja usiku mmoja zaidi. Alikuwa ameshapita polisi wa pasipoti, mhuri wa kutoka upo. Ili arudi mjini ikabidi apitishwe tena kwa polisi, mhuri ule ukafutwa kwa kalamu. Kesho yake saa za kutoka, polisi akahesabu siku na kidole, akamwambia umezidisha siku moja. Akatoa karatasi ya shirika. Polisi akaisoma akamwonyesha mstari: abiria amebaki kwa hiari yake. Wakamweka pembeni dakika arobaini, mimi niko nyumbani natetemeka. Mwisho akapanda. Lakini alipoomba viza mara ya pili, swali la kwanza lilikuwa hilo, na ikabidi aandike barua ndefu kueleza.

500 alizipata kweli. Lakini mimi nisingemwambia tena akubali.

Mtu wa Geti

Kakaa, umesema jambo ambalo sisi wa kaunta hatulisemi, kwa sababu hatuulizwi. Nimewaona wengi wenye pasipoti za kwetu wanakubali bila kuangalia tarehe. Anayenyimwa kupanda bila hiari ana la kumwambia polisi: sikuwa na uwezo. Aliyesaini hiari ameliondoa neno hilo mdomoni mwake mwenyewe. Kama viza au siku zako zinaisha usiku huo, usijitolee hata kwa elfu moja.

Na liko jingine linalofanana nalo. Ukiwa unapita tu Ulaya, tuseme unatoka Toronto unaunganisha Frankfurt kwenda Nairobi, na pasipoti yako haikuruhusu kuingia bila viza, hoteli ya mjini huwezi kuifikia. Utaahidiwa hoteli, halafu utalala kwenye viti vya uwanja, kwa sababu hutoki nje ya eneo la wasafiri. Uliza kabla ya kusaini: hoteli hiyo iko upande gani wa polisi?

Mwanafunzi Columbus

Salamu kutoka Ohio. Huku Marekani hatuna hiyo 261, tuna kanuni za wizara ya uchukuzi, na naona kwa anayelazimishwa zina pesa zaidi. Safari inayoanzia Marekani kwenda nje, ukinyimwa kupanda bila hiari na ukafika kwa kuchelewa zaidi ya saa nne, ni mara nne ya nauli yako ya kwenda upande mmoja. Shirika linaruhusiwa kuweka kikomo, ambacho tangu Januari 2025 hakishuki chini ya dola 2,150. Kati ya saa moja na nne ni mara mbili, na kikomo kisichoshuka chini ya dola 1,075. Kwa safari za ndani ya nchi mpaka wa saa ni mbili badala ya nne. Ukifikishwa ndani ya saa moja hupati kitu.

Wa kujitolea hana kiwango cha sheria, ni mapatano tu kama huko. Na kile kisa cha Chicago cha Aprili 2017, abiria aliyeburutwa kutoka ndege ya United iliyokuwa inakwenda Louisville ili wafanyakazi wanne wa ndege wapate viti, ndicho kilichobadilisha mambo. Baada ya pale shirika lenyewe likatangaza kwamba linaweza kumlipa wa kujitolea hadi dola 10,000. Tangu 2021 pia kanuni inakataza kumtoa abiria aliyekwisha kukubaliwa kupanda, isipokuwa kwa sababu za usalama, afya au utovu wa nidhamu.

Mimi mwenyewe nimejitolea mara mbili. Huku wanakuuliza hata kwenye simu wakati wa kuripoti safari mtandaoni: ungekubali kubaki kwa dola ngapi? Unachagua 200, 300, 500 au unaandika yako. Mara ya kwanza niliandika 200 nikidhani wa bei ndogo ndiye anayechukuliwa. Wakanichukua kweli kwa 200. Jirani yangu aliyesubiri getini akapata 700.

Mama Rehani

Kumbe hata huko. Nilidhani ni mimi tu.

Mtu wa Geti, naomba uniambie bila kunionea haya: mimi nilipaswa kusema nini pale? Maneno yenyewe.

Mtu wa Geti

Sawa, twende na usiku wako huo huo.

Dada wa kaunta anatangaza zikiwa zimebaki dakika hamsini. Wakati huo hata yeye hajui kwa hakika anahitaji wangapi. Kuna abiria wa kuunganisha ambao ndege yao ndiyo kwanza inatua, huenda wakafika, huenda wasifike. Idadi ya kweli inajulikana zikibaki dakika ishirini au thelathini. Ndiyo maana bei ya mwanzo ni ndogo: anajaribu kama kuna mtu atakayeichukua. Wewe uliichukua. Wengine wawili pengine pia. Ikabaki nafasi moja, saa inakimbia, hakuna anayeinuka. Hapo dada anafanya hesabu ambayo ningeifanya mimi. Nikikosa huyu mmoja, itabidi nimnyime mtu kwa nguvu, nimlipe 600 za benki, hoteli, chakula, usafiri wa kwenda hotelini, na nikabiliane na kelele zake. Kwa hiyo kumpa wa hiari 600 si hasara kwangu. Kijana yule hakupendelewa. Alifikiwa wakati bei imepanda.

Na angalia alichokuwa nacho: kibegi mgongoni. Wewe ulikuwa na mabegi chini?

Mama Rehani

Mawili. Waliyatoa ndege ikiwa tayari, nikayaona yanarudi kwenye kigari.

Mtu wa Geti

Ndiyo hivyo. Begi la abiria aliyebaki halisafiri peke yake pasipo utaratibu wa usalama, kwa hiyo lazima litafutwe ndani ya tumbo la ndege, na hilo linaweza kula dakika kumi na tano au zaidi. Mtu wa begi la mkononi ni wa thamani kwetu zikibaki dakika chache. Ukiwa hivyo, sema waziwazi.

Maneno yenyewe ni haya. Unakwenda kaunta mapema, kabla hata hawajatangaza kama unaona geti limefurika, unasema kwa heshima: «Kama mtahitaji wa kubaki, mimi niko tayari, kwa euro 600 za benki, kiti kilichothibitishwa kesho, na hoteli na chakula kwa maandishi. Kama mtampa mwingine zaidi, nami nipeni hicho hicho.» Ataandika jina lako. Unarudi kukaa karibu, usiende dukani. Kiti chako ni chako mpaka akuite na mkubaliane. Wasipokuhitaji unapanda, hujapoteza kitu.

Atakayekuja kujitolea kwa 250 kabla yako, mwache. Wewe utaondoka usiku ule ule.

Nisisitize kiti kilichothibitishwa. Kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa «utakwenda na ya kesho» na kuwa na kiti kwenye ya kesho. Desemba ya ishirini na kitu, ndege ya kesho nayo imeuzwa kupita viti. Mwombe akuonyeshe kwenye skrini yake. Karibu na safari yako mpya panapaswa kuonekana `HK`, maana yake imeshikwa. Ukiona `HL` uko kwenye foleni ya kusubiri, hapo usisaini. Kisha mwombe atoe tiketi upya na akutumie kwa barua pepe ukiwa bado umesimama mbele yake, pamoja na safari zote zinazofuata kwenye tiketi hiyo. Akibadilisha kipande cha kwanza tu bila kugusa vinavyofuata, unaweza kufika mahali pa kuunganisha ukaambiwa hukuonekana jana, safari yako imefutwa.

Na hoteli. Hili wengi hawalijui, hata watu wazito wa sheria humu. Kwenye 261, haki ya hoteli na chakula ni ya aliyenyimwa bila hiari. Wa kujitolea kanuni inampa haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine, pamoja na yale mliyokubaliana. Hoteli isipokuwa kwenye mapatano, hukuahidiwa. Marekani vilevile, hakuna sheria inayolazimisha wampe wa hiari chumba. Kwa hiyo hoteli, chakula na usafiri viandikwe kwenye karatasi ile ile, au upewe karatasi ya chumba mkononi kabla hujatoka kaunta. Piga picha. Anayekupokea saa nne usiku si aliyekuahidi.

Kakaa wa Bukavu

Hiyo ya picha ni ya kweli. Mdogo wangu bila karatasi angelala polisi.

Fundi Said

Samahanini, mnaiweka kama biashara lakini kwa watu wa vibarua hesabu ni nyingine. Mimi nafanya kazi ghalani, nikikosa zamu moja ni kama euro 110. Mama alipata 250, kalipa 94, kalipa 65. Imebaki 91, tena ya karatasi ambayo lazima anunue tiketi nyingine ndipo aitumie. Kama naye kule alikuwa na mtu anamsubiri, au siku ya likizo imeliwa, ametoka na nini?

Mama Rehani

Siku ya likizo moja kati ya ishirini na moja. Na mama yangu alikuja uwanja wa Mwanza kunipokea akarudi peke yake, simu yangu ilikuwa imezima.

Mtu wa Geti

Fundi Said umefanya hesabu kamili kuliko niliyoifanya mimi. Kabla ya kutaja bei, toa kwanza kila kitu kitakachokatika: zamu, tiketi zilizokatwa peke yake mbele, chumba kilicholipiwa, mtu anayekusubiri. Tiketi ya Mwanza iliyo peke yake ndiyo iliyomuumiza zaidi, maana shirika la kwanza halina wajibu nayo kwa mtu aliyebaki kwa hiari. Ningekuwa yeye ningeingiza 65 zile kwenye mapatano pale pale: «mtanilipia na tiketi yangu ya kesho ya Mwanza?» Mara nyingine kaunta inakubali, hasa dakika za mwisho.

Na vocha usiihesabu kama pesa. Mimi naipa nusu ya kilichoandikwa, labda chini zaidi kwa mtu anayeruka mara moja kwa mwaka. Uliza inaisha lini, na kama muda huo ni wa kukata tiketi au wa kusafiri. Uliza kama salio linabaki ukitumia kidogo, na kama mkeo au mtoto anaweza kuitumia.

Mwanafunzi Columbus

Hapo kwenye nusu sikubaliani. Mimi naruka mara nne kwa mwaka na shirika moja, vocha kwangu ni sawa na pesa. Na mara nyingi wanatoa vocha kubwa pale wanapokataa kutoa taslimu. Mara ya pili nilikataa dola 400 za kadi nikachukua vocha ya 900, nikaitumia yote ndani ya miezi mitano. Huku pia wanatakiwa wakuambie masharti ya vocha kabla hujakubali kubaki.

Mtu wa Geti

Kwako ni sawa. Kwa Mama Rehani vocha ya mwaka mmoja ni safari moja tu, akiugua au bei ikiwa juu imekwenda.

Chifu wa Ilala

Swali langu la mwisho. Kama dada wa kaunta hakumweleza kwamba kuna 600, na karatasi ilikuwa kwa lugha asiyoielewa vizuri, je hiyo ni hiari kweli? Mimi naona bado anaweza kudai. Ujerumani muda wa kudai ni miaka mitatu, na unahesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka tukio lilipotokea.

Mtu wa Geti

Muda ni huo. Kuhusu hiari, nimeona wakivutana pande zote mbili. Kanuni inalitaka shirika limpe karatasi ya haki zake yule anayenyimwa kupanda. Kwa wa hiari, hoja ya shirika itakuwa kwamba hakunyimwa, alikubali. Alikuwa na kiti, alisikia tangazo, aliinuka. Mimi nisingemtia moyo sana kwenye 600. Lakini 94 za hoteli ni nyingine. Hoteli ilitangazwa kwa kipaza sauti mbele ya geti zima. Mama, una risiti?

Mama Rehani

Ninayo, na nina namba ya simu ya dada wa Kikenya aliyejitolea pamoja nami, alilia nami usiku ule. Naye alisikia tangazo.

Mtu wa Geti

Andika barua fupi, siku, namba ya ndege, tangazo lilivyosema, risiti, jina la shahidi. Dai 94 peke yake, usizichanganye na 600, maana wakikataa moja watakataa zote kwa sentensi moja.

Mama Rehani

Nitaandika kesho asubuhi kabla ya kazi.

Sasa hii ya Julai. Nitakuwa na mama yangu, anakuja Mei kunitembelea na narudi naye. Viza yake inaisha siku mbili baada ya ndege. Watoto wawili pia, mmoja wa miaka sita, mwingine wa miezi kumi wa kupakatwa. Safari hii tiketi ya Mwanza iko pamoja, nimehakikisha. Wakiomba watu, kwa sisi wanne wangelipa ngapi?

Mtu wa Geti

Wanalipa kwa kiti. Mama yako, wewe na wa miaka sita, viti vitatu, kwa hiyo ni mara tatu ya bei, na kaunta inapenda familia maana inafunga pengo kwa mkupuo. Wa kupakatwa hana kiti, usimhesabu. Lakini kwa siku mbili za viza ya mama, ndege ya kesho yake ikiahirishwa kidogo tu mmeshafika ukingoni, na mabegi ya watu wanne yako chini. Mimi nisingeinuka.

Fundi Said

Na dawa za bibi, ziwe kwenye begi la mkononi. Hata msipojitolea.

Mama Rehani

Ana presha, dawa zake huwa anaziweka kwenye begi kubwa ndani ya kanga. Nitamwambia leo.